Mbuzi, nukta na neno “bado”

Mswada wa kitabu cha picha umefika mezani kwa mhariri, na sentensi yake ya kwanza inasema hivi:

“Siku moja asubuhi na mapema, mbuzi aliyekuwa akiitwa Kidevu aliamka akiwa na njaa kali sana, kisha akatoka nje ya zizi na baadaye akaelekea jikoni ambako alikuta kapu kubwa la mchicha na akalila lote.”

Mswada huu umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini mhariri yeyote wa vitabu vya watoto ataitambua sentensi ya namna hii, kwa sababu miswada mingi huanza hivyohivyo. Ina maneno 33 na nukta moja. Tahajia yake haina kosa, na katika insha ya shule ingepata alama nzuri. Tatizo linaanza inaposomwa kwa sauti. Mama anayemsomea mtoto wa miaka minne huishiwa pumzi kabla mbuzi hajafika jikoni. Mtoto wa darasa la kwanza anayejisomea mwenyewe, akiunganisha silabi kwa silabi, akifika kwenye “ambako alikuta” ameshasahau ni nani aliyeamka.

Waandishi wengi wanaojaribu kuwaandikia watoto wadogo ni walimu, au ni watu waliofundishwa kuandika na walimu. Wanaleta sheria za insha: usirudie neno, unganisha sentensi, panga vitu kwa mkato na uweke “na” mwishoni. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanzishwa Tanzania mwaka 1991, warsha za waandishi, wachoraji na wachapishaji zimekuwa sehemu ya kazi yake, na sehemu kubwa ya mafunzo ya namna hiyo ni kumsaidia mwandishi atambue wakati wa kuziacha sheria hizo. Mhariri naye anapaswa kuziacha. Akikaa na kitabu cha picha kama anavyokaa na ripoti, atayasahihisha yasiyo makosa na kuyapita yaliyo makosa.

Kabla ya kugusa sentensi hata moja, mhariri anayejua kazi yake hukunja karatasi. Kitabu cha picha huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, kwa hiyo kurasa zake huenda kwa mafungu: 16, 24 au 32. Chukua kitabu cha kurasa 24. Ukurasa wa 1 una jina la kitabu, wa 2 una habari za mchapishaji, na hadithi inaanza ukurasa wa 3, upande wa kulia, peke yake. Baada ya hapo zinakuja jozi 10 za kurasa zinazotazamana, kuanzia 4 na 5 hadi 22 na 23. Ukurasa wa 24 unabaki peke yake mwishoni. Hapo ndipo hadithi yote ya Kidevu inapotakiwa kukaa, na mhariri huandika maneno kwa penseli kwenye kurasa hizo tupu ili aone ni lipi litaonekana kabla ya kufunua na ni lipi litangoja. Kwenye kompyuta, mswada ni mkeka mmoja mrefu wa maneno, na mahali pa kufunua ukurasa hapaonekani.

Sasa sentensi ya kwanza. Mhariri anaanza kwa kuuliza kile ambacho picha itakisema yenyewe. Asubuhi itaonekana kwa jua linalochomoza. Kwamba Kidevu ni mbuzi, kila mtoto ataona. Ukubwa wa kapu utaonekana pia. Maneno hayo yanaweza kuondoka bila hadithi kupungukiwa na kitu. Kinachobaki ni mfululizo wa matendo, na kwa mfululizo wa matendo Kiswahili kina kifaa ambacho mwandishi amekitumia bila kukiamini: kiambishi -ka-. “Akatoka” tayari inabeba maana ya kwamba jambo moja limekwisha na jingine linafuata. Aliyeandika “kisha akatoka” na “baadaye akaelekea” amesema jambo moja mara mbili. Ukiondoa “kisha” na “baadaye”, na “na” iliyo mbele ya “akalila”, sentensi inaachia yenyewe kwenye viungo vyake:

“Kidevu aliamka na njaa.
Akatoka zizini.
Akaingia jikoni.
Akaona mchicha.
Akaula wote.”

Maneno yamebaki 12 na nukta zimekuwa tano. Tendo la kwanza limebeba -li-, kwa sababu ndilo linaloiweka hadithi katika wakati uliopita, na manne yanayofuata yamebeba -ka-. Mpangilio huo una faida ya pili: mtoto anayejifunza kusoma anakutana na “aka” mwanzoni mwa mistari minne. Akiisoma mara moja kwa shida, mara ya pili anaitambua, na ya tatu na ya nne haimchukulii nguvu tena. Nguvu yake yote inakwenda kwenye kile kilicho kipya.

Angalia pia “zizini”. Mwandishi aliandika “nje ya zizi”, na hakukosea. Lakini katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama “lazima”. Ukiongeza -ni, mkazo unahama: katika “zizi” unapigwa mwanzo, katika “zizini” unapigwa katikati. Soma kwa sauti “akatoka zizini, akaingia jikoni, akaona mchicha”. Kila mstari una mapigo mawili, na pigo la pili linaanguka katikati ya neno lenye silabi tatu: zi-ZI-ni, ji-KO-ni, m-CHI-cha. “Nje ya zizi” ingeuvunja mwendo huo kwenye mstari wa kwanza kabisa, kabla sikio halijauzoea. Kisha “akaula wote” unakuja ukiwa mfupi kuliko yote, na neno lake la mwisho lina silabi mbili tu. Ufupi huo unafanya kazi ya nukta hata kabla ya nukta yenyewe: msomaji anasikia kwamba mchicha umekwisha.

Msomaji aliyezoea mashairi ataona kwamba hapa mhariri anahesabu mizani. Ndivyo, ila hatungi shairi. Hadai mizani zilingane, na vina havitafuti. Kina kinacholazimishwa ni moja ya mambo yanayoharibu vitabu vya watoto kwa haraka zaidi, maana mwandishi huanza kuleta vitu ambavyo hadithi haivihitaji ili tu mistari iishie sawa. Mhariri anatafuta mahali ambapo ulimi unakwama.

Kukata sentensi nako kuna mpaka. Kurasa 20 za sentensi za maneno mawili zinachosha sikio, na msomaji huishia kuzisoma zote kwa sauti moja. Kwa hiyo baada ya mistari mitano mifupi, mhariri anaiacha moja ya sentensi ndefu za mwandishi ipumue, baada ya kuipunguza kidogo: “Nyuma ya jiko, karibu na mtungi wa maji, kulikuwa na maganda ya ndizi.” Katika picha Kidevu anazunguka nyumba taratibu akinusanusa, na sentensi nayo inazunguka. Mkato wa kwanza na wa pili ni hatua zake. Hii ni sentensi ya kusomewa zaidi kuliko ya kujisomea, na mhariri lazima aamue mapema kitabu ni cha nani. African Storybook, maktaba ya hadithi huria iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na yenye hadithi nyingi za Kiswahili, huvipanga vitabu kwa ngazi, kuanzia maneno ya kwanza hadi aya ndefu na hadithi za kusomewa. Sentensi inayofaa ngazi moja huweza kuwa ukuta kwa ngazi nyingine. Kidevu ni wa kusomewa, na mistari yake inayojirudia ni ya mtoto kujaribu mwenyewe.

Kuna jambo katika sentensi ya kwanza ambalo msomaji wa haraka angelipita. Mwandishi aliandika “kapu kubwa la mchicha na akalila lote”. Hizo -li- na “lote” ni za kapu. Mtu mzima anaelewa kwamba kilicholiwa ni kile kilichokuwa ndani, lakini mtoto husikiliza upatanisho kwa makini kuliko tunavyodhani, na anachosikia ni mbuzi kula kapu. Akitazama picha anaona kapu zima limelala chini. Atauliza, na atakuwa na haki. Hapa mhariri haamui peke yake. Anaandika pembeni: “Kidevu amekula mchicha tu, au na kapu?” Swali linakwenda kwa mwandishi na kwa mchoraji pamoja, kwa sababu jibu litabadilisha neno au litabadilisha mchoro. Mwandishi akijibu kwamba ni mchicha tu, neno linakuwa “akaula wote”.

Jibu hilo linafungua jambo kubwa zaidi. Hadithi za mtindo huu husimama juu ya mstari unaorudi, na katika Kiswahili mstari hauwezi kurudi vilevile kila mara kwa sababu ngeli zinaupinda. Mchicha: akaula wote. Maganda: akayala yote. Ugali: akaula wote. Kofia ya babu: akaila yote. Katika mswada, mwandishi aliupanga mlo wa Kidevu kwa utaratibu huohuo: mchicha, maganda, ugali, kofia. Yaani mtoto anasikia “akaula wote” mara moja, na mara ya pili tayari umegeuka. Hajapata nafasi ya kuushika.

Mhariri anapendekeza ugali upande juu, ukae baada ya mchicha. Sasa “akaula wote” unasikika mara mbili mfululizo, na mtoto anausema mwenyewe mara ya pili. Akiwa ameuzoea, maganda yanaugeuza kidogo, “akayala yote”, na kofia inaugeuza tena, “akaila yote”. Mabadiliko yanasikika kwa sababu kuna kitu kilichotulia cha kuyapima. Pendekezo la namna hii huwezekana tu kabla mchoraji hajaanza kuchora. Baada ya hapo, kuhamisha ugali kutoka kurasa za 8 na 9 kwenda za 6 na 7 ni kumwomba mtu achore upya kazi ya siku nyingi.

Marudio ndiyo yanayowagawanya waandishi na wahariri zaidi kuliko kitu kingine. Baada ya kila mlo, mwandishi wa mswada wetu aliandika kwamba mbuzi bado ana njaa, na kwa kuwa alifundishwa asirudie maneno, alilisema kwa njia nne: “Lakini njaa haikuisha.” “Hata hivyo, bado alihisi njaa.” “Kidevu hakushiba.” “Je, unadhani Kidevu aliridhika? La hasha!” Kila moja ni sahihi. Zikikaa pamoja, hakuna hata moja ambayo mtoto anaweza kuingoja.

Mhariri anazifuta zote nne na kuweka maneno mawili:

“Ameshiba?
Bado!”

Yatarudi mara nne, herufi kwa herufi. Dr. Seuss, mwandishi wa Marekani, alichapisha mwaka 1960 kitabu kizima cha watoto, Green Eggs and Ham, kwa maneno 50 tu tofauti, na watu hukitaja hadi leo wanapozungumzia uchache wa maneno. Hesabu ya namna hiyo haihamii kwenye Kiswahili moja kwa moja. “Ameshiba”, “alishiba” na “hakushiba” ni kitenzi kimoja kwa mtunga kamusi, lakini kwa jicho la mtoto anayeanza kusoma ni maumbo matatu. Kwa hiyo mhariri wa Kiswahili hulinda umbo pamoja na neno. Kama mstari unaorudi ni “ameshiba”, hauruhusiwi kuteleza na kuwa “alishiba” katika ukurasa wa 11 eti kwa sababu hadithi iko katika wakati uliopita. Njeo hapa inabadilika kwa makusudi: msimulizi ameiacha hadithi kidogo, amemgeukia mtoto, na anamuuliza juu ya mbuzi aliye mbele yao katika picha.

Alama ya kuuliza katika mstari huo inabeba mzigo mzito. Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno katika swali la ndiyo au hapana. “Ameshiba.” na “Ameshiba?” ni neno lilelile, na tofauti yote iko kwenye sauti. Kwenye karatasi, sauti hiyo imebebwa na alama moja mwishoni. Katika swali la neno moja hakuna shida, kwani jicho linaona neno na alama kwa mara moja. Katika swali refu, kama “Kidevu amekula kofia ya babu iliyokuwa juu ya kiti?”, msomaji huenda akashuka sauti kama anayetoa taarifa, kisha akaikuta alama mwishoni na kulazimika kurudi. Swali kama hilo ndilo linalohitaji “Je,” mwanzoni, pamoja na mkato wake, ili sauti ijiandae. Mwandishi wetu alikuwa ameweka “Je,” mahali ambapo haikuhitajika na kuiacha mahali palipoidai. Miswada mingi ina kasoro hiyo.

Hapa zile karatasi zilizokunjwa zinaleta faida. “Ameshiba?” linawekwa chini kabisa upande wa kulia, katika kurasa za 5, 7, 9 na 11, na “Bado!” linangoja juu kushoto, ukurasa unaofuata. Kati ya swali na jibu pana kufunua. Mtoto aliyesomewa mara mbili atakuwa amejibu kabla karatasi haijageuka. Kama mhariri amefanya kazi kwenye kompyuta peke yake, swali na jibu huweza kuangukia ukurasa mmoja bila mtu kugundua, na mchezo wote ukapotea huku maneno yakiwa sahihi.

Na mwisho wa kitabu, ukurasa wa 24, swali linarudi mara ya tano. Mwandishi alikuwa ameufunga mswada kwa sentensi ndefu inayoeleza kwamba hatimaye Kidevu alitosheka, akalala usingizi mnono chini ya mwembe. Usingizi na mwembe vimo kwenye picha. Mhariri anapendekeza: “Ameshiba? Ameshiba.” Neno moja mara mbili, na alama zinasimulia.

Kabla ya kufika hapo, babu anagundua kilichotokea na kuhesabu hasara. Mswada unasema: “Kidevu alikuwa amekula mchicha, ugali, maganda ya ndizi na kofia ya babu.” Hivi ndivyo tunavyofundishwa kupanga vitu. Mhariri anaurudisha mstari kwenye mdomo wa msimulizi: “Mchicha na ugali na maganda na kofia!” Usome kwa sauti. Kila kitu kilicholiwa kina silabi tatu na mkazo katikati: m-CHI-cha, u-GA-li, ma-GA-nda, ko-FI-a. Kila “na” ni hatua nyepesi kati ya pigo na pigo. Ukiweka mikato badala ya “na”, kila kitu kinasimama peke yake na mwendo unakatika mara mbili. Ukiacha “ya ndizi” na “ya babu”, mwendo unajikwaa pale ulipokuwa umeshika kasi, na mtoto ameshajua maganda ni ya nini na kofia ni ya nani. “Na” tatu katika mstari mmoja zingezungushiwa wino mwekundu kwenye insha. Hapa ndizo zinazoufanya usemeke.

Mkato una nguvu nyingine ambayo wengi hawaioni mpaka waonyeshwe. Katika kurasa zinazofuata babu anamfukuza mbuzi, na mwandishi ameandika “Babu akakimbiakimbia”. Kitenzi kilichorudiwa na kuunganishwa namna hiyo kinasema kwamba babu alikimbia huku na huko bila mwelekeo. Kikirudiwa kwa mikato, “Babu akakimbia, akakimbia, akakimbia”, kinasema kwamba alikimbia kwa muda mrefu na kwenda mbali. Ni matendo mawili tofauti, na picha inaweza kuonyesha moja tu. Mchoraji akimchora babu akizunguka mwembe huku mbuzi akimponyoka, “akakimbiakimbia” ni sahihi. Akichora barabara ndefu yenye vumbi na babu mdogo kule mwisho, mikato inahitajika. Mhariri hapaswi kuchagua kabla ya kuona mchoro wa awali. Tofauti ya jinsi hiyohiyo iko kati ya “mbalimbali”, yaani vya aina tofauti, na “mbali mbali”, yaani vimetengana kwa nafasi. Kompyuta inayokagua tahajia haiwezi kumwambia lipi linatakiwa.

Mwandishi alisema pia kwamba “babu aliteleza na kuanguka kwenye matope kwa kishindo kikubwa!!!” Tope limo kwenye picha, na “kwa kishindo kikubwa” ni maelezo ya sauti ambayo Kiswahili kinaweza kuitoa yenyewe. Tunafundishwa shuleni kwamba anayeanguka majini huanguka chubwi, mchangani pu, matopeni tapwi. Kwa hiyo: “Babu akateleza. Tapwi!” Nukta iliyo katikati ina kazi yake: inampa msomaji muda wa kuvuta pumzi, na mtoto muda wa kuuona mguu wa babu hewani. Ukiweka mkato badala yake, “Babu akateleza, tapwi!”, anguko linakuja mapema mno. Tofauti hiyo husikika mara moja ikisomwa kwa sauti, na haionekani kabisa ikisomwa kwa macho.

Alama za mshangao tatu zimekuwa moja. Mswada ulikuwa nazo karibu kila ukurasa, na msomaji anayezitii zote hulazimika kupiga kelele tangu mwanzo. Mhariri amezibakiza kwenye “Bado!”, kwenye orodha ya hasara, kwenye “Tapwi!” na kwenye kilio cha babu, “Kofia yangu!” Kwingine kote nukta inatosha. Kilio chenyewe katika mswada kilitanguliwa na “alifoka kwa hasira huku akitikisa mkono wake wa kulia”. Hasira na mkono ni vya mchoraji, na msimulizi anabaki na “akasema”. Neno hilo halivutii macho, na ndiyo sababu linafaa: mtoto hulipita haraka kuifikia sauti ya babu.

Kuna kasoro ndogo zinazojificha katika herufi zenyewe. Kidevu akigoma kutoka jikoni, msimulizi anasema, “Kidevu hatoki ng’o!” Ritifaa ikidondoka, neno linasomeka kama mwanzo wa “ngoma”, na mtoto anayejua “ng’ombe” hataelewa limekuwaje. Kama mchapishaji anatumia alama moja moja kuonyesha maneno yanayosemwa, ritifaa ya “ng’o” inafanana kabisa na alama ya kufunga usemi, na msomaji mchanga hudhani babu amemaliza kusema katikati ya neno. Kwa hiyo kwenye vitabu vya watoto vya Kiswahili alama za usemi mbili mbili ni salama zaidi. Hali kadhalika, katika aina nyingi za herufi zisizo na vijimkia, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana. Kiswahili kimejaa sentensi zinazoanza na “Ili” na “Ilianguka”, na mtoto anaona uzio. Mhariri huomba aina ya herufi ambayo I yake ina vichwa, na a yake inafanana na ile ambayo mtoto anafundishwa kuiandika.

Kitabu kikitarajiwa kuuzwa Tanzania na Kenya, maneno kadhaa hubadilishwa, na kila badiliko hupimwa tena kwa sikio. “Maharage” yakiwa “maharagwe” silabi zinabaki nne na mdundo haudhuriki. “Daladala” ikiwa “matatu”, silabi moja imeondoka, na mstari mzima unahitaji kusomwa upya.

Kipimo cha mwisho cha maandishi hakifanywi na mhariri, kwa sababu ameshayajua maneno na ulimi wake unajua pa kupita. Anampa mtu ambaye hajawahi kuuona mswada, aliye tayari kuusoma kwa sauti bila kuupitia kwanza. Yeye mwenyewe anakaa na nakala nyingine na penseli, kimya, akiweka alama kila mahali msomaji anaporudia neno, anapopandisha sauti pasipo na swali, au anapovuta pumzi mahali pasipo na mkato. Anayesoma akiongeza “kisha” ambayo haimo, huenda mhariri amekata kupita kiasi. Akijikwaa mahali palepale ambapo na wa pili anajikwaa, kosa liko kwenye maandishi.

Kisha kazi inarudi kwa mwandishi, kila badiliko likiwa na sababu yake pembeni. Ana haki ya kukataa. Katika mswada wa Kidevu angeweza kusema kwamba “njaa kali” lazima irudi, kwa kuwa bila “kali” haieleweki kwa nini mbuzi ale kofia. Hoja hiyo ina uzito. “Kidevu aliamka na njaa kali” unaongeza pigo moja kwenye mstari wa kwanza, ambao ulikuwa mrefu kuliko mingine tangu awali, na hakuna kinachovunjika. Neno linarudishwa.

Kinachobaki ni prufu, baada ya msanifu kuyaweka maneno juu ya picha. Hapa mhariri hasomi tena hadithi, anaangalia mistari imekatika wapi. Msanifu huikata pale nafasi inapoishia, na “Akatoka” huweza kubaki peke yake juu huku “zizini” likishuka chini karibu na kwato. Neno refu huenda limegawanywa kwa kistari, jambo ambalo halifai kabisa kwa mtoto anayeanza kusoma, hata kama mgawanyo umefuata silabi. Nukta iliyoangukia juu ya jani la kijani kibichi inapotea. “Bado!” inaweza kuwa imesogezwa kutoka juu kushoto hadi chini kulia kwa sababu hapo anga lilikuwa wazi zaidi, na mtoto akifunua anakutana kwanza na ugali. Mhariri anaizungushia duara, anachora mshale hadi mahali pake, na kumwomba mchoraji apunguze wingu.